Kupanga orodha ya kukusanyia bidhaa ili vijana wa stoo wasirudi walikotoka

*Nina duka la jumla la vipuri vya pikipiki hapa Mwanza. Stoo ina njia tano, A mpaka E, na kila njia ina nafasi kumi za rafu. Njia ya E imegota ukutani, nyingine zinapitika mbele na nyuma. Meza ya kufungia mizigo iko mbele ya njia A. Oda zinakuja kwa simu, karani anaziingiza kwenye Excel. Nimemwambia apange orodha kwa namba ya rafu kabla ya kuichapa, lakini vijana bado wanarudi walikotoka. Sitaki kununua programu. Nifanyeje?*

Ndugu yangu, umefika karibu sana na jibu. Kupanga kwa namba ya rafu kumeshakupunguzia safari. Kilichobaki ni kwamba namba ya rafu inasema kitu kiko wapi tu, haisemi kijana atakifikia lini akiwa njiani. Akimaliza njia A yuko nyuma ya stoo, karibu na A-10. Orodha yako inamwambia bidhaa inayofuata iko B-02, na B-02 iko mbele. Hapo ndipo anapoanza kurudi. Kila njia mpya inamtaka aanzie mbele, wakati miguu yake iko nyuma.

Tupime kwa stoo yako. Sijui vipimo vyako, kwa hiyo nachukulia hivi: kila nafasi ina upana wa mita 1, nafasi ya 03 iko mita 3 kutoka korido ya mbele, korido ya nyuma iko mita 11 kutoka ya mbele, na kutoka katikati ya njia moja hadi katikati ya inayofuata ni mita 3. Ukipima yako kwa futi kamba, namba zitabadilika ila hoja itabaki ile ile.

Mteja amepiga simu akataja, kwa mpangilio huu: betri (D-10), plagi (A-03), vioo (C-09), breki shuu (B-02), tairi (D-06), kebo za klachi (A-09), taa (C-03) na cheni (B-08). Kijana akifuata orodha jinsi ilivyotajwa, akichagua kila mara korido iliyo fupi kati ya ya mbele na ya nyuma, anatembea mita 138 mpaka arudi mezani.

Sasa panga oda hiyo hiyo kwa namba ya rafu, kama unavyofanya leo: A-03, A-09, B-02, B-08, C-03, C-09, D-06, D-10. Inakuwa mita 82. Faida ni kubwa, lakini angalia inapovuja. Kutoka A-09 kwenda B-02 ni mita 14, apite mbele au nyuma, sawa tu. Kutoka B-08 kwenda C-03 ni mita 14 nyingine. Na mwisho anabaki D-10, nyuma kabisa, akiwa na mita 19 za kurudi mezani bila kuchukua chochote.

Badala yake, mwache apande njia A kwenda nyuma, ashuke njia B kuja mbele, apande C, ashuke D. Orodha inasomeka A-03, A-09, B-08, B-02, C-03, C-09, D-10, D-06. Anapita kila njia mara moja kwa urefu wake wote, mita 11 mara nne, anavuka mita 3 mara tatu, kisha anarudi kwenye korido ya mbele mita 9. Jumla ni mita 62. Bidhaa ni zile zile na rafu ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba B na D sasa zinasomwa kutoka namba kubwa kwenda ndogo.

Kwa hiyo kila nafasi kwenye stoo inahitaji namba ya pili, ambayo mimi naiita namba ya mwendo. Namba ya rafu inabaki kama ilivyo kwenye kibandiko, maana ndiyo kijana anayoitafuta kwa macho. Namba ya mwendo haibandikwi popote. Inakaa kwenye kompyuta na kazi yake ni kupanga orodha tu.

Fungua ukurasa mpya kwenye faili lako la Excel, uuite Mahali. Safu ya kwanza iwe na namba ya rafu, ya pili namba ya mwendo. Halafu chukua kalamu na karatasi, tembea stoo mwenyewe kuanzia mezani, ukipita jinsi unavyotaka kijana apite, ukiandika kila nafasi unayoikuta. A-01 ipe 10, A-02 ipe 20, endelea hivyo mpaka A-10 yenye 100. Ukivuka korido ya nyuma unakutana na B-10 kwanza, kwa hiyo ndiyo inayochukua 110, na B-01 inaishia na 200. C-01 inaanza na 210. Kuruka kumi kumi kuna sababu: siku ukiongeza rafu ndogo kati ya C-04 na C-05 utaipa namba ya katikati bila kuvuruga stoo nzima.

Kwenye ukurasa wa oda, namba ya rafu ikiwa safu A, weka fomula hii kwenye safu iliyo wazi, kisha panga orodha kwa safu hiyo, ndogo kwenda kubwa:

```
=VLOOKUP(A2,Mahali!A:B,2,FALSE)
```

Ikitokea `#N/A`, namba ya rafu aliyoandika karani haipo kwenye ukurasa wa Mahali. Mara nyingi ni nafasi tupu iliyoingia mwishoni au herufi O iliyochukua mahali pa sifuri. Irekebishwe kabla karatasi haijachapwa, maana kijana hataweza kuirekebisha akiwa kati ya rafu.

Nasisitiza tarakimu mbili, A-02 na siyo A-2. Kompyuta inazisoma hizi kama maandishi, na kwa maandishi A-10 inatangulia A-2. Nimeona stoo ambako hili peke yake ndilo lililokuwa likiwachosha vijana: orodha inampeleka nafasi ya kwanza, inamrusha ya kumi, halafu inamrudisha ya pili. Ukitumia namba ya mwendo hitilafu hiyo inapungua makali, lakini vibandiko vikiwa na A-2 na karani akiandika A-02, fomula haitazioanisha.

Suala la pande mbili za njia nalo linahitaji uamuzi. Kama njia zako ni nyembamba, kijana anaweza kugusa rafu za kushoto na kulia bila kusogea zaidi ya hatua moja, basi nafasi mbili zinazotazamana zipewe namba za mwendo zinazofuatana. Atachukua huku na huku akiwa anaendelea mbele. Kama njia ni pana kiasi cha kupitisha toroli mbili, kuvuka huku na huku kunaanza kugharimu, na hapo inafaa kuangalia njia hiyo kama njia mbili. Kwa stoo ya ukubwa wako nadhani uko kwenye hali ya kwanza. Ila usiziite pande hizo kushoto na kulia kwenye vibandiko. Kijana anayepanda A ana kushoto kwake, na anayeshuka B kushoto kwake kumegeuka. Tumia 1 na 2, na 1 iwe daima upande ulio karibu na meza ya kufungia: C-09-1, C-09-2. Mwelekeo wa mtu hautabadilisha maana yake.

Njia E iliyogota ukutani ina bahati ya kukaa pale ilipo. Mzunguko wa A, B, C, D unamtoa kijana mbele ya D, na mlango wa E uko mita 3 tu kutoka hapo. Aache toroli mdomoni mwa njia, aingie kwa miguu, achukue, atoke. Kwa hiyo E inasomwa kutoka 01 kwenda 10, na inakuwa ya mwisho. Kama ingekuwa C ndiyo iliyogota, mzunguko ungekatika katikati na ungelazimika kuzipanga njia mbili mbili: kupanda A, kushuka B, kuingia C na kutoka, kisha kupanda D na kushuka E.

Mpaka hapa una mpango unaofanya kazi vizuri kwa oda ndefu, zile zinazogusa karibu kila njia. Tatizo linakuja kwa oda fupi. Namba za mwendo zimeandikwa kana kwamba kijana anapita njia zote. Oda ikiruka njia, mwelekeo unaharibika.

Chukua oda yenye A-03, A-09, C-03 na C-09 tu. Namba za mwendo zinasema A inapandwa na C inapandwa pia, kwa sababu B ilitakiwa kumrudisha mbele. Lakini B haimo. Kijana amemaliza A-09, njia fupi ya kwenda C ni kupitia nyuma, anaingia C kutokea nyuma, anaipita C-09 kwenda C-03, anarudi C-09, halafu anarudi mbele tena. Ni mita 46. Akipanda A na kushuka C, ni mita 34. Kijana mwenye akili ataona C-09 iko mbele ya macho yake na ataichukua kwanza bila kujali karatasi inasema nini. Atakuwa sahihi. Tatizo ni kwamba akishazoea kuidharau karatasi, siku ya oda ya mistari ishirini ataidharau pia, na hapo ndipo mistari inaporukwa.

Dawa yake ni kuhesabu njia zinazoguswa na oda hiyo pekee. Ya kwanza ipandwe, ya pili ishukwe, ya tatu ipandwe, hata kama majina yake ni A, C na D. Excel mpya zenye `FILTER` na `UNIQUE` zinaweza kufanya hivyo, na Google Sheets pia. Chukulia namba ya rafu iko safu A na mistari ya oda haizidi ya 30. Safu E inatoa namba ya njia, F nafasi, G zamu ya njia hiyo ndani ya oda, na H ndiyo unayopangia:

```
E2: =IF(A2="","",CODE(LEFT(A2,1))-64)
F2: =IF(A2="","",VALUE(MID(A2,3,2)))
G2: =IF(A2="","",COUNT(UNIQUE(FILTER(E$2:E$30,ISNUMBER(E$2:E$30)*(E$2:E$30<=E2)))))
H2: =IF(A2="","",E2*100+IF(OR(E2=5,ISODD(G2)),F2,99-F2))
```

Ziburute chini mpaka mstari wa 30. Fomula ya H inasema hivi: njia yenye zamu ya witiri inasomwa kupanda, yenye zamu ya shufwa inasomwa kushuka, isipokuwa njia ya tano, yaani E, ambayo inapanda siku zote kwa sababu haina mlango wa nyuma. Kwa oda yetu ya A na C, A inapata zamu ya 1 na C zamu ya 2. C-09 inatoka na 390, C-03 inatoka na 396, na orodha inajipanga A-03, A-09, C-09, C-03. Ukiamua kutumia fomula hizi, ukurasa wa Mahali hauhitajiki kwa kupanga. Uache tu kama kumbukumbu ya rafu zipi zipo.

Kuna hali moja ambayo hakuna fomula inayoiondoa. Oda ikigusa njia tatu zinazopitika, tuseme A, C na D, kijana anapanda, anashuka, anapanda, na anajikuta nyuma wakati meza iko mbele. Safari inayoanzia na kuishia mbele lazima ivuke njia kwa idadi ya shufwa. Kwa hiyo njia moja kati ya tatu lazima iingiliwe na kutokea upande ule ule. Waelekeze vijana kwamba kwenye njia ya mwisho inayopitika, kama wameiingia kutokea mbele na karatasi haina nyingine baada yake au imebaki E tu, waingie mpaka bidhaa ya mwisho ya njia hiyo kisha wageuze. Wasiende mpaka korido ya nyuma kwa mazoea.

Na kuna oda ambazo kugeuza ndiko sahihi kila mahali. Mteja anataka kitu A-03, kingine C-02 na kingine E-01, vyote viko mbele. Kuingia na kutoka kila njia ni mita 36. Kupita A na C kwa urefu wote kwa sababu "utaratibu ni kuzunguka" ni mita 48. Karatasi inasomeka sawa kwa safari zote mbili, tofauti iko kwenye uamuzi wa kijana. Sheria rahisi ninayopendekeza: kama kwenye njia unachukua vitu vya mbele tu, na njia inayofuata nayo ni vya mbele tu, geuka. Hili ndilo linalofanya bidhaa zinazotoka sana zistahili nafasi za 01 hadi 03 za kila njia. Plagi, breki shuu na tyubu zikikaa huko, oda nyingi fupi hazitavuka katikati ya stoo kabisa.

Utasikia pia kwamba kuna njia ya kupata mwendo mfupi kuliko wote kwa hesabu kamili. Ni kweli. Mwaka 1983 Ratliff na Rosenthal walionyesha jinsi ya kuupata kwenye ghala la mstatili lenye korido ya mbele na ya nyuma, na hesabu yake si nzito kwa kompyuta. Sikushauri uifuate kwa stoo ya njia tano. Mwendo inaoutoa unachanganya kupita moja kwa moja hapa, kugeuza pale, na kuingia kutokea nyuma kwingine, na unabadilika kila oda. Mtu anayeusoma kwenye karatasi hawezi kuukariri, na akisita mara mbili kujiuliza aingilie wapi ameshapoteza mita zote alizookoa. Mwendo wa kupanda na kushuka unaeleweka kwa siku moja, na mgeni anaweza kufundishwa akiwa kazini.

Utajuaje kama umefaulu? Usitumie saa peke yake, kwa sababu muda unachanganya kutembea, kutafuta na kuhesabu. Mwambie kijana aandike 1, 2, 3 pembeni ya kila mstari kwa jinsi alivyochukua hasa, na asipangiwe cha kufanya. Kusanya karatasi za siku mbili tatu. Namba zikifuatana 1, 2, 3 kutoka juu ya karatasi kwenda chini, orodha inaendana na miguu. Zikiruka mahali pale pale kila siku, nenda ukapaangalie. Mara nyingi utakuta maboksi yamezuia korido ya nyuma, au nafasi mbili zimebadilishana vibandiko, au vijana wamegundua kitu ambacho wewe hukukiona ulipotembea. Hapo rekebisha namba, usimrekebishe kijana.

Karatasi hizo zitakuonyesha pia mistari ambayo kijana aliifikia rafu akakuta patupu. Hiyo inakula mita nyingi kuliko kosa lolote la mpangilio, kwa sababu anaanza kutafuta akiba iliko. Kila bidhaa iwe na nafasi moja tu ya kuchukulia, ndiyo inayochapwa kwenye orodha. Akiba ya juu ya rafu au kwenye kona ya E isionekane kwenye orodha. Ijazwe asubuhi kabla ya oda kuanza.

Uzito nao una neno lake. Kwenye oda yetu ya kwanza vioo viko C na betri ziko D, yaani betri zinaingia kwenye toroli baada ya vioo. Hilo halifai hata mwendo uwe mfupi namna gani. Hamishia betri na oili mwanzo wa A, na vioo na taa vipeleke mwisho wa mzunguko, D au E. Kama betri haziwezi kuhama kwa sababu ya rafu nzito za chuma, mzunguko wa njia nne ukigeuzwa, kuanzia D kuja A, una mita zile zile 62, na toroli inaishia mlangoni pa meza. Kwa mpango huo tumia ukurasa wa Mahali uliouandika kwa kutembea kinyume, maana fomula za zamu nilizokupa zinaanzia A.

Mwisho, usiwatume vijana wawili kwa oda mbili ndogo zinazogusa njia zile zile. Oda mbili za namna ya ile ya kwanza, zikikusanywa kila moja peke yake, ni mita 124. Zikiunganishwa kwenye karatasi moja ni 62. Weka safu ya namba ya oda pembeni ya idadi, na toroli iwe na kreti mbili za rangi tofauti, moja kwa kila oda. Kijana atenganishe pale pale anapochukua, asisubiri kufika mezani. Anza na oda mbili kwa safari. Ukifika tatu au nne, hakiki mezani kila kreti dhidi ya oda yake kabla ya kufunga, kwa sababu sproketi mbili zinazofanana zikipotea kreti, mteja wa Geita ndiye atakayegundua, na nauli ya kuzirudisha ni yako.